Laktosi iko wapi hasa? Siagi, jibini gumu, krimu, wei na maziwa kwa mwenye tumbo lisilopenda maziwa mengi

Mtu akishagundua kwamba maziwa yanamjaza gesi au kumharisha, mara nyingi hukata kila kitu kilichotoka kwa ng'ombe. Siagi inaondoka kwenye mkate, jibini linaondoka, hata samli ya pilau inaonekana adui. Wakati huohuo anaendelea kunywa chai ya maziwa kikombe kikubwa asubuhi na jioni kwa sababu "ni chai tu". Hapo amekata vitu visivyomdhuru na kubaki na kile kinachomdhuru. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mwenye shida ndogo ya laktosi, anayetaka kujua ale nini, kiasi gani, na ajipime vipi nyumbani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Laktosi ni sukari ya maziwa. Utumbo mwembamba huhitaji kimeng'enya kiitwacho laktesi ili kuivunja. Laktesi ikiwa chache, sukari hiyo hufika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji, na bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa gesi. Ndiyo maana tumbo hunguruma, hujaa na kuuma, na choo huwa chepesi, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa chache baada ya kula. Mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa: mwili unapambana na protini ya maziwa, na dalili zake ni vipele vya kuwasha, midomo au uso kuvimba, kutapika au kupumua kwa shida. Mwenye mzio hafai kufuata mwongozo huu hata kidogo, kwa sababu siagi na jibini ambavyo hapa tutavisifu vina protini hiyo.

Hatua ya kwanza: fuata maji, usifuate mafuta

Kuna jambo moja ambalo ukilielewa hutahitaji kukariri orodha yoyote. Laktosi huyeyuka kwenye maji. Haikai kwenye mafuta. Kwa hiyo katika chakula chochote cha maziwa, swali la kujiuliza ni hili: ndani yake yamebaki maji kiasi gani ya yale maziwa ya mwanzo? Palipobaki maji mengi pana laktosi nyingi, na palipobaki mafuta matupu karibu hapana kitu.

Maziwa ya ng'ombe yana laktosi kama gramu 4.7 katika kila gramu 100. Mafuta ni sehemu ndogo tu, gramu 3 hadi 4, na karibu kote kunakobaki ni maji. Ukiondoa mafuta, hujaondoa laktosi. Umeiacha yote, na kwa uzito uleule wa maziwa inaongezeka kidogo, inafika kama gramu 5. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wenye tumbo la namna hii huhamia maziwa yasiyo na mafuta wakidhani ni mepesi kwa tumbo. Kwa upande wa laktosi si mepesi. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia nayo hayaokoi. Laktosi yake inakaribiana na ya ng'ombe. Kuchemsha pia hakusaidii, kwani laktosi haiondoki kwa moto wa jikoni. Maziwa yakichemka sana na maji kupungua, kinachobaki kwenye sufuria kina laktosi nyingi zaidi kwa kila kijiko.

Sasa tuipime kanuni hiyo kwa krimu. Krimu nzito ina mafuta kama asilimia 35. Sehemu isiyo mafuta ni asilimia 65, na humo ndimo laktosi ilimo kwa kiwango kilekile cha asilimia 5 hivi. Hesabu inatoa gramu 3 na kidogo kwa gramu 100, na ndivyo vipimo vya maabara vinavyoonyesha. Krimu nyepesi yenye mafuta asilimia 20 hufika karibu gramu 4. Kwa hiyo kwa uzito ule ule, krimu inakaribia maziwa kuliko watu wanavyofikiri. Kinachoiokoa ni kwamba hakuna anayekunywa glasi ya krimu. Kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, kina nusu gramu tu.

Siagi halisi kwa viwango vya kimataifa lazima iwe na mafuta angalau asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Hayo maji machache ndiyo yanayobeba laktosi yote, kwa hiyo gramu 100 za siagi hazifiki gramu 1 ya laktosi. Mkate mmoja hupakwa kama gramu 10, na humo kuna chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Tumbo lenye shida ndogo haliwezi kulitambua hilo. Samli imekwenda mbali zaidi: siagi imeyeyushwa, maji yameisha kwa moto, na masalia yaliyozama chini yamechujwa. Ikichujwa vizuri, haina laktosi ya kuzungumzia.

Tahadhari moja kuhusu siagi. Madukani kwetu neno siagi hutumika pia kwa majarini, ambayo imetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Majarini nyingine hazina maziwa kabisa, nyingine zimeongezwa maziwa kidogo au wei, yaani maji yanayochujwa maziwa yanapogandishwa kuwa jibini. Kwa shida ndogo hilo halitakusumbua, ila ujue unachokipima, maana ukila majarini ukaumwa usiende kumlaumu ng'ombe.

Hatua ya pili: uliza kama bakteria wamekula

Jibini gumu haliwezi kuelezwa kwa maji peke yake, na hapa ndipo somo linapokuwa tamu. Jibini la aina ya chedar lina maji zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kwa kanuni yetu lingekuwa na laktosi ya kutosha kuhesabika. Lakini ukilipima unakuta karibu sifuri, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu kwa gramu 100.

Sababu ni mbili, moja inafuata nyingine. Maziwa yanapogandishwa na kukatwakatwa, maji ya manjano-kijani hutoka na kumwagwa, na laktosi karibu yote huondoka nayo. Kinachobaki ndani ya bonge ni kidogo, na hicho kidogo hukutana na bakteria waliotiwa mwanzoni kwa makusudi. Wao huila na kuigeuza asidi ya laktiki, ile inayoleta ukali kwenye jibini. Kazi hiyo humalizika mapema, katika jibini nyingine ndani ya siku chache na katika chedar ndani ya wiki kadhaa. Gauda ina faida ya ziada: wakati wa kuitengeneza, mabonge huoshwa kwa maji ya moto, na sehemu ya laktosi iliyobaki huondoka humo. Parmesani hukaa ghalani mwaka mzima au zaidi, muda mrefu kupita kiasi kinachohitajika.

Kwa hiyo unapochagua jibini, tazama umri wake kabla ya kutazama jina. Jibini gumu lililoiva miezi mitatu na kuendelea, kula bila woga wa laktosi. Jibini bichi, lile laini jeupe linaloliwa siku hiyohiyo au wiki hiyohiyo, bado lina maji mengi na huenda bakteria hawakupata nafasi. Weka akilini gramu 2 hadi 3 kwa gramu 100. Na jibini la kuyeyushwa, lile la vipande vilivyofungwa kimoja kimoja au vya pembetatu, lisome kwa makini, maana linaweza kuongezwa unga wa maziwa au wei wakati wa kulitengeneza. Hapo laktosi iliyokwishaondoka imerudishwa kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya tatu: jihadhari na wei

Yale maji yaliyomwagwa wakati wa kutengeneza jibini hayakupotea na laktosi yake. Hayo ndiyo wei, na ndani yake mna karibu gramu 5 kwa gramu 100, sawa na maziwa yenyewe. Mtu anayeona wei ni maji membamba yasiyo na mafuta, akadhani ni kinywaji chepesi cha tumbo, amekosea kwa kiwango cha juu kabisa.

Jaribio la nyumbani linaonyesha jambo hili vizuri. Chukua lita moja ya maziwa, yachemshe, yatilie maji ya limau mpaka yakatike, kisha chuja kwa kitambaa safi. Lita hiyo ilikuwa na laktosi kama gramu 47 au zaidi kidogo. Utapata bonge la jibini bichi, tuseme gramu 180, na zaidi ya nusu ya uzito wake bado ni maji ya wei. Maji hayo, kama gramu 100, yamebeba laktosi gramu 5 hivi. Zilizobaki, zaidi ya gramu 40, zimo kwenye bakuli la wei. Bonge hilo likigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja anapata chini ya gramu 2, na wengi wenye shida ndogo watalala salama. Ukinywa nusu ya lile bakuli, umekunywa zaidi ya gramu 20 kwa mkupuo.

Wapo wanaoikandia unga wei ili isitupwe. Ni matumizi mazuri, ila usitegemee hamira ikusaidie. Hamira ya kuoka hula sukari ya kawaida na sukari inayotokana na unga. Laktosi haiwezi kuila. Itabaki ndani ya mkate.

Wei ya kopo, ile ya wanaokwenda jimu, ina daraja tofauti na hapo ndipo fedha na tumbo huumia pamoja. Unga wa wei wa kawaida, yaani wei iliyokaushwa tu, ni laktosi kwa sehemu kubwa: kama gramu 70 kwa kila gramu 100. Wei iliyochujwa ili protini yake ifike asilimia 80 hubaki na laktosi chache, mara nyingi kati ya gramu 4 na 8. Ile iliyosafishwa zaidi, ambayo protini yake imefika asilimia 90, huwa na gramu 1 au pungufu. Zote tatu zinaitwa wei. Kwa kipimo kimoja cha gramu 30, ya kwanza inakupa laktosi gramu 21, ya pili kama 2, ya tatu karibu hakuna. Angalia mstari wa sukari kwenye kopo. Kama haujaandikwa na bei ni ya chini ajabu ukilinganisha na makopo mengine, mimi ningeiacha dukani. Unga wa maziwa nao ni mzito: ule wenye mafuta una kama gramu 38 kwa gramu 100, usio na mafuta unapita 50, kwa sababu maji ndiyo yaliyoondoka na sukari ikabaki.

Hatua ya nne: soma mstari sahihi kwenye pakiti

Kwa maziwa, krimu, siagi na jibini visivyotiwa sukari wala matunda, sukari iliyoandikwa kwenye pakiti ni laktosi takriban yote. Tazama kiasi kwa gramu 100, zidisha kwa unachokula, gawanya kwa 100. Krimu yenye sukari gramu 3.2, ukitumia gramu 50, inakupa gramu 1.6.

Kwenye jibini soma sukari, si wanga. Watengenezaji wengi hupata wanga kwa kutoa: wanapima maji, protini, mafuta na majivu, yaani madini, kinachobaki kwenye 100 wanakiita wanga. Makosa madogo ya vipimo vyote hujikusanya humo, ndiyo maana unaweza kukuta chedar imeandikwa wanga gramu 1 na zaidi ilhali sukari ni sifuri au karibu na sifuri. Watu wameacha jibini zuri kwa sababu ya mstari huo. Na kitu kikiwa kimetiwa sukari, kama krimu tamu au aiskrimu, hesabu hii haifanyi kazi, kwa kuwa huwezi kujua sukari ipi ni ya ng'ombe na ipi ni ya muwa.

Hatua ya tano: jua kikomo chako

Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi na kuona kwamba wengi wenye shida hii huvumilia mpaka gramu 12 kwa mkupuo mmoja, bila dalili au kwa dalili ndogo. Gramu 12 ni kikombe cha maziwa cha mililita 250. Wengi huvumilia zaidi ya hapo kwa siku nzima wakigawanya na kula pamoja na chakula. Lakini wewe si "wengi", kwa hiyo jipime.

Kaa siku chache, mpaka wiki, bila maziwa, krimu, wei, jibini bichi wala unga wa maziwa, mpaka tumbo litulie. Siku hizo na siku zote za kujipima, punguza pia maharage, kabichi na vitunguu vingi, maana vinatoa gesi kwa njia inayofanana na usipoviondoa utailaumu laktosi kwa kosa la maharage. Tumbo lisipotulia kabisa katika muda huo, huenda shida si laktosi.

Kisha rudisha kitu kimoja kimoja, ukikipa kila kimoja siku mbili na kuandika ulichokula, saa, na ulichosikia. Anza na siagi na jibini gumu. Vikipita, na vitapita kwa karibu kila mtu wa aina hii, weka krimu vijiko vikubwa viwili kwenye mchuzi, ambayo ni gramu 1. Halafu maziwa: mililita 60 pamoja na chakula, sawa na gramu 3, baadaye 120, sawa na gramu 6 karibu, mwisho 250. Ukifika mahali dalili zinatokea, rudi kipimo cha nyuma, kirudie siku nyingine, na kikipita tena hicho ndicho kikomo chako cha mkupuo mmoja.

Matokeo ya siagi na krimu yatafsiri kwa uangalifu. Mtu akiumwa kwa krimu vijiko viwili lakini akapita maziwa mililita 120, haiwezekani laktosi ikawa mkosaji, kwa sababu maziwa hayo yalikuwa na laktosi mara tano au sita zaidi. Hapo fikiria mafuta yenyewe. Chakula chenye mafuta mengi humsumbua mwenye matatizo ya nyongo au tumbo linalochelewa kusaga, na maumivu yake mara nyingi ni ya juu ya kitovu, upande wa kulia, bila ile gesi nyingi ya chini.

Siku moja kwa hesabu

Tumchukue kijana anayefanya mazoezi, ambaye kikomo chake kwa kujipima ni gramu 6 kwa mkupuo. Asubuhi anakunywa chai kikombe cha mililita 300, nusu yake maziwa: gramu 7. Anakula mkate wenye siagi: karibu sifuri. Mchana wali wa samli na kuku wa krimu, krimu mililita 50 kwa sahani yake: gramu 1.6. Jioni, baada ya jimu, kipimo kimoja cha wei ya asilimia 80, gramu 2, akiikoroga kwenye maziwa mililita 300, gramu 14. Usiku jibini la chedar kipande: sifuri.

Anaharisha usiku na analilaumu jibini, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichokula. Hesabu inaonyesha gramu 16 za jioni, na kati ya hizo 14 zimetoka kwenye maziwa ya kukorogea. Marekebisho ni madogo. Wei akoroge kwa maji, abaki na gramu 2. Chai ipunguzwe maziwa mpaka theluthi moja, iwe chini ya gramu 5, na aile na mkate badala ya kuinywa tumbo tupu, kwa sababu chakula huchelewesha laktosi kufika utumboni na laktesi kidogo aliyonayo inapata muda wa kufanya kazi. Siagi, samli, krimu ya mchana na jibini vibaki vilevile. Akitamani glasi nzima ya maziwa, mtindi wenye bakteria hai huwa rahisi zaidi, kwani bakteria wenyewe wamekula sehemu ya laktosi na wanaendelea kuivunja hata ndani ya tumbo.

Baadhi ya hali hazifai kujipima. Mtoto mchanga, mtu anayepungua uzito bila sababu, mwenye damu kwenye choo, homa, au anayeamshwa usiku na kuhara mara kwa mara, aende hospitali kwanza. Na kama shida ilianza ghafla baada ya kuhara kwa ugonjwa, utando wa utumbo huenda umejeruhiwa na laktesi imepungua kwa muda; punguza laktosi kwa wiki chache, kisha anza tena na zile mililita 60 za maziwa, kwa sababu mara nyingi uwezo hurudi utumbo ukipona.